Akaunti moja, nyumba nzima: maswali kuhusu profaili, vifaa na skrini zinazocheza kwa pamoja kwenye Netflix

Kazi yangu ni kufunga runinga ukutani na kuunganisha ruta kwenye ploti za Donholm, Umoja na Kayole, jijini Nairobi. Nikimaliza kukaza skrubu ya mwisho, mwenye nyumba huniuliza kuhusu Netflix: nani anaweza kuingia, wangapi watazame kwa wakati mmoja, na kwa nini jana usiku ilimkatalia ilhali amelipa. Maswali ni yale yale nyumba hadi nyumba, kwa hivyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Nimetengeneza profaili tano. Mbona tunaweza kutazama wawili tu?

Kwa sababu profaili na skrini ni vitu viwili tofauti, na kikomo kipo kwenye skrini. Profaili ni kama daftari la mtu. Ndani yake mna orodha ya alichotazama, alipokomea, lugha anayoipenda na kiwango cha umri alichowekewa. Akaunti moja ya Netflix inabeba profaili hadi tano, na idadi hiyo haibadiliki ukilipa zaidi.

Skrini ni kifaa kinachocheza sasa hivi. Ukibonyeza kucheza, kifaa chako huomba ruhusa kwa mitambo ya Netflix, na mitambo hiyo huhesabu ni vifaa vingapi vya akaunti hiyo tayari vina ruhusa kama hiyo. Nafasi ikiwepo, filamu inaanza. Isipokuwepo, unapata ujumbe wa kukataliwa.

Ndiyo maana watu wawili wakitazama kwa profaili moja, mmoja sebuleni na mwingine chumbani, wanahesabiwa skrini mbili. Na watu sita wakikaa kochi moja mbele ya runinga moja ni skrini moja tu.

Kifurushi changu kinaruhusu skrini ngapi?

Kile cha Mobile kinaruhusu moja, na lazima iwe simu au tabuleti. Basic pia ni moja, lakini hiyo unaweza kuitazamia kwenye runinga. Standard ni mbili. Premium ni nne.

Hapo kwenye Mobile ndipo watu hupotea. Mtu huona bei ya chini, analipa, kisha ananipigia simu kwamba runinga imegoma. Haijagoma. Kifurushi hicho hakifunguki kwenye runinga wala kwenye kompyuta, na hata ukijaribu kurusha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye runinga, haitakubali. Kama nia yako ni kutazama sebuleni, anzia Basic.

Usipokumbuka ulichukua kipi, fungua netflix.com/account kwenye kivinjari cha simu. Jina la kifurushi limeandikwa hapo.

Je, kuna kikomo cha vifaa ninavyoweza kuingizia akaunti?

Kuingia tu hakuhesabiwi. Unaweza kuwa umeingia kwenye runinga, simu nne na kompyuta mbili, na hakuna atakayekusumbua mpaka vianze kucheza kwa pamoja. Urahisi huu ndio unaoleta taabu baadaye, kwa maana akaunti inasahaulika kwenye vifaa vya watu wengine.

Imeniandikia kwamba watu wengi mno wanatumia akaunti, na mimi niko peke yangu. Nani ameshika skrini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hivyo nitalijibu kwa kisa cha jirani yangu wa Donholm, mama wa watoto watatu aliyelipia Standard.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa mbili usiku. Watoto walikuwa wakitazama katuni kwenye runinga. Yeye akajilaza chumbani, akafungua simu, akabonyeza kipindi chake. Maandishi yakatokea: "Too many people are using your account right now." Akazima ruta na kuiwasha, mara mbili. Ujumbe ukarudi. Akaamini intaneti imeharibika, akaniita.

Nilimwambia tuhesabu kwanza. Runinga ni moja, simu yake ni ya pili, na Standard inaruhusu mbili. Kama simu yake inakataliwa, basi ile nafasi ya pili ina mtu. Kuzima ruta hakungeweza kusaidia, kwa sababu hesabu haifanyiki ndani ya nyumba yake.

Tukaingia netflix.com/account, tukatafuta sehemu iliyoandikwa "Manage access and devices". Hapo hupangwa vifaa vilivyotumika karibuni, kila kimoja na aina yake, profaili iliyotumika, siku na mahali. Tuliiona runinga ya sebuleni, simu yake, simu ya kifungua mimba wake na kompyuta ya kazini. Halafu ikaja runinga nyingine, ya chapa ambayo haimo nyumbani mwake, iliyotumika jioni hiyo hiyo kwa profaili ya watoto.

Mahali palisomeka Nairobi, na yeye akadhani ni mtu wa ploti ile ile ameiba nywila. Nikamsihi asimshuku mtu bado. Mahali hapo panakisiwa kutokana na anwani ya intaneti, na kampuni za intaneti nchini mara nyingi hupitisha wateja wa miji mingine kwenye mitambo yao iliyopo Nairobi. Mtu anaweza kuwa Kisumu na orodha ikasema Nairobi. Vitu vya kutegemea ni aina ya kifaa, profaili na saa.

Tukafungua profaili ya watoto kwenye runinga na kutazama safu ya vipindi vilivyoachwa katikati. Mlikuwa na katuni mbili ambazo wanawe hawakuzijua kabisa. Kifungua mimba ndiye aliyekumbuka: likizo ya Agosti walikuwa Mombasa kwa mjomba, naye ndiye aliyewaingizia binamu zake akaunti ili watoto watulie. Hakuiondoa siku ya kurudi, na nywila alikuwa amemtumia binamu kwa WhatsApp.

Mama akampigia kaka yake. Kaka akashangaa, maana alidhani ile huduma ilikuja pamoja na runinga. Hawakugombana. Tulichofanya ni kubonyeza kuondoa akaunti kwenye kifaa kile kimoja, kisha tukabadilisha nywila kwa sababu ilikuwa imeshatoka nje ya nyumba. Ukibadilisha nywila bila kuondoa vifaa, vile vilivyokwisha kuingia vinaweza kuendelea, kwa hivyo kwenye ukurasa huo huo acha alama ya tiki kwenye chaguo la kuwataka wote waingie upya. Tulingoja dakika chache, na simu yake ikacheza.

Stima ilipotea, iliporudi ikanikatalia. Hakuna mwingine anayetazama. Imekuwaje?

Hiyo naiita skrini ya mzimu. Ukifunga filamu kwa kurudi nyuma hadi ukurasa wa mwanzo, kifaa hutoa taarifa kwamba kimemaliza na nafasi inaachiliwa. Tokeni zikiisha au stima ikikatika ghafla, runinga inazima kabla ya kusema lolote. Mitambo bado inadhani unatazama, na inakushikia ile nafasi mpaka ione kimya kimezidi.

Kwa kawaida inajisafisha yenyewe baada ya dakika chache. Mwenye Basic ndiye huumia zaidi, kwa kuwa ile skrini ya mzimu ndiyo skrini yake pekee. Subiri, pika chai, kisha jaribu tena. Ikipita kama robo saa na bado inakataa, si mzimu tena. Nenda kwenye orodha ya vifaa nilivyoeleza juu.

Jambo linalofanana na hilo ni mtu kusimamisha filamu katikati na kuondoka. Runinga iliyosimamishwa inaweza kuendelea kushika nafasi kwa muda. Wafundishe watoto kurudi hadi ukurasa wa mwanzo kabla ya kuzima runinga kwa rimoti. Tabia hiyo moja imemaliza malalamiko katika nyumba kadhaa nilizofanyia kazi.

Nitajuaje kama shida ni kikomo cha skrini au ni intaneti yangu?

Tazama kinachotokea kwenye kioo. Kikomo cha skrini huja na maneno, na huja mara tu unapobonyeza kucheza. Intaneti dhaifu haisemi kitu: unaona duara likizunguka, picha ikiwa na ukungu, au filamu inaanza vizuri kisha inakwama.

Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 3 kwa sekunde au zaidi kwa picha ya kiwango cha 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K. Zidisha kwa idadi ya skrini. Mwenye Standard akicheza mbili za 1080p anahitaji 10, na hapo sijahesabu simu zinazopakua picha za WhatsApp wala mtu aliye kwenye mkutano wa video. Kama umelipia intaneti ya megabiti 10, skrini mbili zinaimeza yote. Kununua Premium ili "iache kukwama" ni kutupa pesa, kwa sababu Premium inaongeza nafasi za kutazama, haiongezi upana wa bomba la intaneti.

Kwa anayetumia bando la simu, hesabu ni ya gigabaiti. Runinga kwenye kiwango cha juu cha HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa moja. Ukishuka hadi kiwango cha chini kwenye mipangilio ya profaili, inakuwa kama 0.3 kwa saa. Mpangilio huo huwekwa profaili kwa profaili, kwa hivyo kuubadilisha kwenye yako hakuponyi ile ya kijana wako.

Nikiweka PIN kwenye profaili yangu, nitakuwa nimelinda nafasi yangu?

Hapana. PIN ya tarakimu nne inazuia mtu kufungua profaili yako, aone unachotazama au akuchanganyie mapendekezo. Haikuwekei skrini ya akiba. Mtu ataingia kwa profaili nyingine isiyo na PIN na kuchukua nafasi ile ile. Hakuna namna ya kutenga skrini kwa ajili ya mtu fulani: anayetangulia kubonyeza ndiye anayepata. Katika nyumba zenye skrini mbili na watu watano, mapatano ya mdomo ndiyo yanayofanya kazi. Kuna familia moja Umoja ambayo runinga ni ya wote, na ile skrini ya pili ina zamu, kila mtu na siku yake.

Vipi kuhusu kupakua? Naweza kukwepa kikomo kwa kupakua mapema?

Kwa kiasi fulani, ndiyo, na ni njia halali kabisa. Kitu kilichopakuliwa kinachezwa kutoka ndani ya simu. Simu ikiwa haina intaneti haiombi ruhusa ya kuanza, kwa hivyo haishiki nafasi. Anayepanda matatu alfajiri kwenda mjini anaweza kupakua vipindi viwili usiku kwa waifai, akavitazama njiani huku nyumbani skrini zote mbili zikicheza.

Ila kupakua nako kuna kikomo chake, na kinahesabu vifaa. Mobile na Basic huruhusu kifaa kimoja kuwa na vitu vilivyopakuliwa, Standard viwili, Premium sita. Kijana akiuza simu yake ya zamani bila kufuta vilivyopakuliwa, simu hiyo itaendelea kukaa kwenye hesabu mpaka uiondoe kwenye akaunti. Pia si kila kitu kinapakulika, na baadhi ya vipindi huisha muda saa 48 baada ya kuanza kuvitazama.

Kijana wangu amehamia hosteli Juja. Anaweza kuendelea na akaunti yetu?

Hapa nitasema wazi, kwa sababu nimeona watu wakidanganyana. Masharti ya Netflix yanasema akaunti ni ya watu wanaoishi nyumba moja. Tangu 2023 imekuwa ikifuatilia sharti hilo kwa kile inachokiita "Netflix Household", yaani kundi la vifaa vinavyotumia intaneti ya mahali unapotazamia hasa. Msingi wake ni runinga: runinga ya sebuleni ikithibitishwa, vifaa vinavyotumia waifai ile ile vinahesabiwa kuwa vya nyumba hiyo.

Kijana anayerudi nyumbani kila wikendi na simu yake kwa kawaida hapati shida. Anayefunga runinga hosteli na kuitumia mwezi mzima bila kuonekana nyumbani, siku moja ataulizwa. Runinga itamwambia kifaa hiki si cha nyumba ya akaunti hii. Inaweza kucheza kwa muda kabla ya kuulizwa, kama ile ya Mombasa, na ndiyo maana watu hudhani wamekubaliwa.

Kwa safari ya kweli ipo njia. Kwenye ujumbe huo huchaguliwa kutazama kwa muda, kisha namba ya siri inatumwa kwa barua pepe au simu ya mwenye akaunti. Namba hiyo inakufa baada ya dakika 15, kwa hivyo mama lazima awe karibu na simu yake. Njia hiyo ni ya msafiri, haimfai aliyehama.

Kwa aliyehama, kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Profaili yake inaweza kuhamishwa hadi kwenye akaunti yake mpya, pamoja na historia, orodha yake na mapendekezo. Njia hiyo ilianzishwa Oktoba 2022 na inaitwa "Transfer profile". Mwenye akaunti huiruhusu kwanza kwenye mipangilio, kisha kijana anafungua akaunti yake akianzia kwenye profaili ile. Mwanafunzi mwenye simu tu anaweza kutosheka na Mobile, na nyumbani mnabaki na skrini zenu mbili kamili. Wenye kung'ang'ania kugawana kati ya nyumba mbili huishia kupigiana simu kila jioni kuulizana nani azime.

Runinga yangu mwenyewe imeniambia si ya nyumba hii. Ilhali mimi ndiye ninayelipa!

Uliza kwanza kama umebadilisha intaneti karibuni. Nimeona haya kwa watu waliohamia ploti nyingine, waliobadilisha kampuni ya waifai, na hasa wale ambao waifai ikikatika hurusha hotspoti ya simu hadi kwenye runinga. Kwa Netflix, runinga imehama nyumba.

Kama umehama kweli au intaneti ni mpya, rekebisha kwenye runinga yenyewe. Nenda kwenye menyu, chagua "Get Help", kisha "Manage Netflix Household", thibitisha. Kiungo kitatumwa kwa barua pepe au simu yako, nacho pia ni cha dakika 15. Hakikisha runinga iko kwenye waifai ya kudumu wakati huo. Ukithibitisha ukiwa kwenye hotspoti, utakuwa umeiita simu yako nyumba, na kesho waifai ikirudi utaanza upya. Na angalia kwamba barua pepe ya akaunti ni ile unayoifungua. Nimewahi kukaa nyumba moja saa nzima tukitafuta nywila ya barua pepe iliyofunguliwa na fundi aliyewauzia runinga.

Nipandishe kifurushi hadi Premium, au tufungue akaunti mbili?

Kabla ya kulipa zaidi, fanya hesabu ya wiki moja. Kila ujumbe wa kukataliwa unapotokea, andika saa na nani alikuwa anatazama wapi. Ukikuta mara zote tatu au nne wote walikuwa wa nyumbani, basi mmezidi kweli na Premium inawafaa. Kupanda kifurushi huanza kufanya kazi mapema, ilhali kushuka husubiri tarehe ya malipo yajayo, hivyo unaweza kupanda wakati wa likizo ya Desemba watoto wakiwa nyumbani na kushuka shule zikifunguliwa.

Ukikuta aliyezidisha hesabu yupo nje ya nyumba, Premium itamnunulia yeye nafasi kwa pesa yako. Na kama runinga zenu si za 4K, ule ubora wa juu wa Premium hamtauona.

Huduma za muziki nazo zinahesabu hivi hivi?

La. Kwenye Spotify, akaunti ya mtu mmoja inacheza mahali pamoja. Mwingine akibonyeza kucheza kwa akaunti ile ile, wimbo wako unasimama palepale, bila ujumbe wa kukataa. Kifurushi chao cha familia kinabeba hadi watu sita wa anwani moja, na kila mmoja hupewa akaunti yake kamili yenye nywila yake. Kwa hivyo muziki ukikatika katikati ya kufua nguo na kuruka hadi kwenye spika ya chumba kingine, usiite fundi. Muulize kijana.